UZI: Mwenyekiti amekata kwa kalamu pingamizi nililoandika kwenye kumbukumbu za ufunguzi wa zabuni. Nitie saini?

#1 Kalamu_Nyeusi
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kamati ya kufungua zabuni, watu watatu, katika kaunti moja hapa Pwani ya Kenya. Zabuni ni ya madarasa mawili ya chekechea na vyoo vyake. Mwisho wa kupokea ulikuwa Jumanne saa nne kamili asubuhi.

Sanduku tulilifungua saa nne na dakika tano mbele ya wawakilishi wanne wa wazabuni. Zilikuwemo bahasha tano. Tulipokwisha kusoma mbili, karani wa ofisi ya ununuzi akaingia na bahasha ya sita, kubwa, akasema haikuenea kwenye mdomo wa sanduku ndiyo maana waliiweka ofisini. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Mwakilishi wa mzabuni wa tatu akasimama: "Mimi nimekaa kwenye benchi ya ofisi hiyo tangu saa tatu unusu. Sikuona mtu akileta bahasha." Mwenyekiti akasema ifunguliwe, tukaifungua, tukasoma.

Bei zilivyosomwa:
Na. 1 – Sh7,985,400
Na. 2 – Sh8,240,000, pamoja na barua ya punguzo la asilimia 3
Na. 3 – Sh8,610,750
Na. 4 – Sh8,416,250 (hii ina kisa chake, nitaeleza)
Na. 5 – Sh9,120,000
Na. 6 – Sh7,640,300

Mnaona wenyewe iliyo ya chini kuliko zote ni ipi.

Niliandika maneno ya yule mwakilishi kama alivyoyasema. Jana kumbukumbu zimenirudia, aya hiyo imepigwa mstari na pembeni imeandikwa "Si kazi ya kamati". Na mahali pake anataka niandike "Hakukuwa na pingamizi lolote". Nitie saini au nisitie?

#2 Mzee_wa_Bandari
Kurekodi kikao si mpaka uombe ruhusa ya waliomo? Mimi nakumbuka shemeji yangu alirekodi mkutano wa chama cha ushirika kwa simu, ikawa kesi.

#3 Kalamu_Nyeusi
Mzee wangu, si kurekodi sauti. Naongelea kumbukumbu za maandishi, zile tunazotia saini.

#4 Mzee_wa_Bandari
Basi nimekuelewa vibaya. Lakini ungekuwa na sauti leo usingebishana na mtu.

#5 Hakimu_wa_Kijiwe
Mwenyekiti amekosea tangu mwanzo. Bahasha isiyokuwa ndani ya sanduku ni bahasha iliyochelewa. Inarudishwa kwa mwenyewe bila kufunguliwa. Mngeiondoa palepale na kusingekuwa na pingamizi la kuandika.

#6 BiKidawa
Hakimu, nusu ya maneno yako ni kweli. Zabuni iliyofika baada ya saa ya mwisho hurudishwa bila kufunguliwa, hilo halina ubishi. Lakini bahasha haiwi imechelewa kwa sababu tu haikuwa sandukuni. Zabuni za ujenzi huja na makaratasi ya unene wa matofali, na kila ofisi ya ununuzi inapaswa kuwa na daftari la kupokelea zile zisizoingia: saa, jina la aliyeleta, saini ya aliyepokea. Kwa hiyo swali la kwanza kwako, mwanangu Kalamu: daftari la mapokezi linasema nini? Na mliliona kabla ya kuifungua bahasha, au baadaye?

Nimefanya kazi hii miaka mingi kabla ya kustaafu. Nitakaa nawe mpaka tulimalize.

#7 Kalamu_Nyeusi
Shikamoo Bi Kidawa. Daftari linasema saa tatu na dakika hamsini, pana saini ya karani. Mahali pa saini ya aliyeleta pako wazi. Tuliliomba baada ya kufungua, wakati mwenyekiti anasoma Na. 6.

#8 BiKidawa
Marahaba. Hapo ndipo penye jipu. Kabla hamjakata hata bahasha moja, ilifaa mwenyekiti aulize kwa sauti, "Kuna zabuni nyingine iliyopokelewa nje ya sanduku?" Zinaletwa zote mezani, zinahesabiwa mbele ya wageni, idadi inaandikwa, ndipo kisu kinashikwa. Mlianza na tano mkamaliza na sita. Hata kama karani ni mkweli kama maji ya kisima, aliyekaa kule nyuma hana namna ya kujua.

Sasa kuhusu saini. Kifungu cha 78 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015 kinatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna rejista ya ufunguzi: jina la mzabuni, bei yote pamoja na punguzo kama lipo, na dhamana ya zabuni. Hiyo husomwa kwa sauti na kuandikwa papo hapo. Halafu kuna kumbukumbu: utaratibu mliofuata na nani alihudhuria. Kila mjumbe huweka saini fupi kwenye kila ukurasa, na ule wa mwisho saini kamili, jina na cheo. Na sheria inasema saini hiyo ni ya kukiri kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyotokea. Ukitia saini "hakukuwa na pingamizi" umekiri lisilotokea. Usitie.

#9 Wakili_Mchanga
Naomba nipinge kidogo, Mama. Kifungu hicho hakitaji neno pingamizi popote. Kinataka utaratibu na wahudhuriaji. Mwenyekiti anaweza kujitetea kwamba aya ile haikuwa lazima. Kuiondoa ni jambo moja, kuandika kwamba hakukuwa na pingamizi ni jambo jingine kabisa. La kwanza linajadilika. La pili ni uongo kwenye hati ya umma.

#10 BiKidawa
Wakili, tofauti hiyo naikubali. Ila kuingia kwa bahasha ya sita dakika kumi na tano baada ya sanduku kufunguliwa ni sehemu ya utaratibu. Na mtu aliposimama kuihoji, mwenyekiti akaamua. Uamuzi wa mwenyekiti si utaratibu? Utaandikaje jibu bila swali?

#11 Mkandarasi_Mdogo
Mimi nakaa upande wa pili wa meza, nimehudhuria kufunguliwa mara nyingi. Kwetu sisi kikao kile ndiyo nafasi pekee ya kuona kwa macho. Baada ya hapo tathmini ni siri, hutaambiwa kitu mpaka barua ije.

Kilichonipata: mwaka fulani, kwa taasisi nisiyotaka kuitaja, bei yangu ilisomwa vizuri, mimi wa pili kutoka chini. Nilikuwa nimeandika bei zote kwenye gamba la daftari langu, na simu ya kila mhudhuriaji aliyekubali kunipa. Barua ya matokeo ilipokuja, aliyeshinda bei yake haikuwa hata moja kati ya zile nilizoandika. Nikaomba nakala ya rejista. Ikaja, ile tarakimu ya mshindi imefutwa kwa wino mweupe na juu yake pameandikwa upya, na pembeni yake hamna saini fupi hata moja. Bei nyingine zote zilikuwa na saini tatu tatu. Ndivyo nilivyojua.

#12 Hakimu_wa_Kijiwe
Ukashinda?

#13 Mkandarasi_Mdogo
Nilichelewa. Nilidhani nina mwezi mzima wa kulalamika, kumbe ni siku 14.

#14 Wakili_Mchanga
Na hapa nataka kila mzabuni anisome vizuri. Siku 14 za kwenda kwenye bodi ya mapitio, PPARB, huhesabiwa ama tangu upewe taarifa ya matokeo, ama tangu kosa lenyewe litokee, katika hatua yoyote ya zabuni. Ukiona kosa siku ya ufunguzi ukanyamaza ukisubiri barua, upande wa pili atasema siku zako zilianza siku ile na zimekwisha.

Kwa hiyo pingamizi lililoandikwa linamlinda hata huyu mwenyekiti anayelikata! Linaonyesha mzabuni wa tatu alijua nini na tarehe gani. Likifutwa, anaweza kuja baadaye na kusema amegundua jana.

#15 Kalamu_Nyeusi
Hilo la kumlinda sikulifikiria hata kidogo. Nitampelekea kwa namna hiyo.

#16 Chuma_Mboga
Mimi nina swali la Na. 4, umesema ina kisa chake.

#17 Kalamu_Nyeusi
Fomu ya zabuni imeandikwa Sh8,416,250 kwa tarakimu na kwa maneno vilevile. Lakini ukurasa wa jumla kwenye jedwali la kazi na bei unasema Sh8,914,250. Tofauti ni Sh498,000. Mwenyekiti alisoma ya kwenye fomu. Mjumbe wa tatu alitaka zisomwe zote mbili.

#18 Hakimu_wa_Kijiwe
Hiyo mnasahihisha hesabu tu na kuandika iliyo sahihi. Pengine karani wao aliteleza tarakimu.

#19 BiKidawa
La! La! Hakimu, kamati ya ufunguzi haisahihishi kitu cha mtu. Kifungu cha 82 kinasema bei iliyowasilishwa na kusomwa wakati wa kufungua ndiyo ya mwisho, haiguswi. Na inayosomwa ni ya kwenye fomu ya zabuni, kwa sababu pale ndipo mzabuni anapojifunga kwa saini yake. Mwenyekiti hapa alifanya sawa.

#20 Mjumbe_Asiyejulikana
Bi Kidawa, mimi nimekaa kwenye kamati hizi mara tatu na sikubaliani. Ukisoma moja na kunyamazia nyingine, umeficha jambo ambalo wazabuni wengine wana haki ya kulijua. Sisi tulikuwa tunasoma ya fomu na kuandika kwenye safu ya maelezo kwamba jedwali lina jumla tofauti, tunaitaja kiasi gani.

#21 BiKidawa
Ukiandika kwenye maelezo ya kumbukumbu sina shida nawe. Shida ni kuiweka kwenye rejista mstari wa bei. Rejista ikiwa na bei mbili kwa mzabuni mmoja, kuna siku mtu atachagua inayomfaa.

#22 Mjumbe_Asiyejulikana
Na isipoandikwa popote, kuna siku mtu atabadilisha ukurasa wa jedwali ufanane na fomu. Kurasa za zabuni ya watu hazitiwi saini zote, mnachagua chache.

#23 Chuma_Mboga
Ndiyo maana idadi ya kurasa huandikwa. Ukibadilisha ukurasa mmoja idadi haibadiliki, lakini ukiongeza au ukipunguza inaonekana. Kalamu, mlihesabu?

#24 Kalamu_Nyeusi
Tulihesabu. Kila zabuni ilipewa namba na idadi ya kurasa. Na. 5 iliandikwa kurasa 212 na mwenyewe, sisi tukapata 211, namba 87 haipo. Tuliandika zote mbili: iliyoandikwa na tuliyoihesabu.

#25 Mkandarasi_Mdogo
Na ile barua ya punguzo ya Na. 2? Mimi ndiyo mambo yangu hayo, naandika barua usiku wa mwisho nikisikia tetesi za bei za wenzangu.

#26 Kalamu_Nyeusi
Nilichapa Sh7,992,800 kwenye rasimu, yaani nimetoa asilimia 3 mwenyewe. Nimekosea?

#27 BiKidawa
Umekosea, na afadhali umeuliza. Andika Sh8,240,000, chini yake "barua ya punguzo la asilimia 3, imo ndani ya bahasha, imesainiwa na fulani wa cheo fulani". Ishia hapo. Wewe umetoa Sh247,200 kwa hesabu ya jumla yote. Je, kama barua inasema punguzo ni la kazi ya uashi peke yake? Tazama sasa: kwa hesabu yako yuko Sh7,400 tu juu ya Na. 1. Pembamba hivyo, kila mtu atasoma barua ile neno kwa neno. Kazi yako ni kuhakikisha ipo, ilisomwa kwa sauti, na ina saini fupi za wajumbe. Punguzo lisilosomwa siku hiyo halihesabiwi kwenye tathmini, hata likiokotwa baadaye kati ya kurasa.

#28 Kalamu_Nyeusi
Nimerudi kwenye barua. Inasema "punguzo la asilimia 3 kwa kazi zote isipokuwa vyoo". Ahsante Mama. Nimefuta tarakimu yangu.

#29 Mtu_wa_Dodoma
Wakuu, sisi huku Tanzania tangu 2023 zabuni zimehamia NeST, na kabla yake tulikuwa na TANePS. Mzabuni anapakia mtandaoni, saa ikifika mfumo unafunga wenyewe, na bei zikifunguliwa zinaonekana kwenye mfumo. Hakuna sanduku, hakuna bahasha ya kuletwa na karani saa nne na dakika ishirini. Mtafika tu.

#30 Mjumbe_Asiyejulikana
Hapa kwetu mfumo wa kielektroniki umeletwa, na ukaenda mahakamani. Hadi hayo yatulie, wengine bado tunakata bahasha kwa mkasi.

#31 Mkandarasi_Mdogo
Na mtandao ukikatika dakika tano kabla ya saa, ndugu wa Dodoma, nani anaandika hilo?

#32 Mtu_wa_Dodoma
Hapo umenikamata, mkuu. Unapiga picha ya skrini na kuomba Mungu.

#33 Wakili_Mchanga
Turudi kwenye mada. Nina jambo linalonisumbua. Kalamu, je, mwenyekiti angeweza kuikataa Na. 6 palepale? Sheria inakataza kumwondoa mzabuni yeyote wakati wa ufunguzi. Hakimu alisema mngeiondoa.

#34 Hakimu_wa_Kijiwe
Bado nasema hivyo. Kukataa iliyochelewa si kumwondoa mzabuni. Huyo hakuwahi kuwa mzabuni.

#35 BiKidawa
Hapo Hakimu ana hoja, nami siwezi kuivunja yote. Ila nani athibitishe ilichelewa? Kuna daftari linalosema saa tatu na dakika hamsini, na kuna mtu wa benchi anayesema hakuona. Kamati ya watu watatu haiwezi kuendesha kesi pale mezani. Mimi ningeifungua na kuandika kila kitu.

#36 Mjumbe_Asiyejulikana
Mimi ningeiacha imefungwa, nitie saini juu ya gundi yake, nimpelekee afisa mhasibu aamue. Ukishaisoma bei huwezi kuirudisha kinywani. Wote sasa wanajua ni Sh7,640,300.

#37 Wakili_Mchanga
Na ikiamuliwa ilifika mapema, bei yake isomwe lini, mbele ya nani? Sheria inataka zote zilizofika zifunguliwe mara baada ya saa ya mwisho. Ungekuwa umemnyima haki yake.

#38 Mjumbe_Asiyejulikana
Mnaitwa tena wote wanne. Ni usumbufu, lakini si kosa.

#39 Wakili_Mchanga
Sijashawishika.

#40 Bint_Ukunda
Samahani, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Kama yule mzabuni wa tatu akikataa kusaini kumbukumbu, zinakuwa batili?

#41 BiKidawa
Hapana, bibi. Wawakilishi huombwa kusaini, na asiposaini mmoja kumbukumbu hazibatiliki. Zinazohesabika ni saini za wajumbe wa kamati. Lakini akikataa, andika kwamba alikataa na sababu aliyoitoa. Kalamu, yeye alisaini?

#42 Kalamu_Nyeusi
Alisaini orodha ya mahudhurio, na pembeni ya jina lake akaandika kwa mkono "Na. 6 haikuwa sandukuni".

#43 Chuma_Mboga
Heeh! Basi mwenyekiti akikata aya yako, orodha yake mwenyewe itamsuta. Atakuwa na kumbukumbu zisemazo hakuna pingamizi, na nyuma yake kiambatisho chenye pingamizi kwa mwandiko wa mlalamikaji.

#44 BiKidawa
Haya mwanangu, chukua hii, uitie saa na majina yako:

"Saa 4:20 asubuhi, zabuni mbili zikiwa zimekwisha kusomwa, karani wa ununuzi alileta bahasha moja iliyofungwa, akaeleza kuwa haikuingia sandukuni kwa ukubwa wake. Mwakilishi wa mzabuni Na. 3 alisema alikuwa ofisini humo tangu saa 3:30 na hakuona bahasha ikiletwa. Mwenyekiti aliagiza bahasha ifunguliwe, ikapewa Na. 6. Daftari la mapokezi, lililoonwa na kamati baada ya bahasha kufunguliwa, linaonyesha ilipokelewa saa 3:50. Sehemu ya saini ya mleta iko wazi. Kamati haikufanya uamuzi juu ya malalamiko haya."

Hapo hujamwita mtu mwongo wala mkweli. Umesema nani alisema nini, saa ngapi, na mlifanya nini. Usiandike "alilalamika kwa hasira", usiandike "bila ushahidi". Na karatasi zako za mkono za siku ile usizitupe, hata ukichapa upya mara kumi.

#45 Mjumbe_Asiyejulikana
Ningeongeza hali ya bahasha. Gundi ilikuwa kavu? Mhuri ulikuwepo?

#46 Kalamu_Nyeusi
Ilikuwa na utepe wa kahawia pande zote na mhuri mmoja. Gundi sikuigusa. Naona aibu kusema hilo.

#47 BiKidawa
Usione aibu, lakini usiandike ambacho hukukiona. Andika utepe na mhuri, basi.

#48 Kalamu_Nyeusi
Mrejesho, wanajukwaa. Leo nimempelekea mwenyekiti aya ya Bi Kidawa na lile la siku 14 la Wakili. Akasoma mara mbili. Amekubali kuondoa "hakukuwa na pingamizi", lakini anataka sentensi ya daftari, hasa ile ya saini iliyo wazi, iondolewe. Anasema hilo ni jambo la ofisi ya ununuzi, si la kikao. Mjumbe wa tatu, wa idara ya mapato, amesema hatii saini ukurasa wa tatu bila sentensi hiyo. Kwa hiyo ukurasa huo una saini fupi moja, yangu.

#49 Wakili_Mchanga
Mwenyekiti anaweza kutia saini na kuandika chini yake kwamba hakubaliani na sentensi hiyo. Hakuna kinachomzuia.

#50 Hakimu_wa_Kijiwe
Kumbukumbu zenye ugomvi wa wajumbe ndani yake? Bodi itazicheka.

#51 BiKidawa
Hawatazicheka, Hakimu. Watazisoma zaidi.

#52 Mkandarasi_Mdogo
Kalamu, na yule wa Na. 3 ameomba nakala ya rejista? Ni haki yake, akiomba afisa mhasibu lazima ampe. Mwambie aombe kwa maandishi, apate mhuri wa kupokelewa.

#53 Kalamu_Nyeusi
Mimi siwezi kumwambia, ndugu. Niko ndani ya kamati.

#54 Mkandarasi_Mdogo
Kweli, nimeteleza. Basi swali la mwisho. Saa nne kamili mliipima kwa saa ipi?

#55 Kalamu_Nyeusi
Kwa simu ya mwenyekiti. Ya ukutani ilikuwa mbele kwa dakika sita, na karani wa mapokezi huandika kwa ile ya ukutani.

#56 BiKidawa
Hilo nalo liandike.